Hukumu ya Dina haikufufua kesi za mashamba zilizokwisha

Tangu Aprili 2023 kuna usemi unaozunguka kwenye veranda za mahakama za Kisumu, Kakamega na Nakuru: Mahakama ya Juu imesema hatimiliki peke yake si kitu, kwa hiyo yeyote aliyewahi kushindwa kesi ya shamba sasa anaweza kurudi. Usemi huu ulizaliwa na hukumu ya kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, iliyosomwa tarehe 21 Aprili mwaka huo. Majaji walisema mwenye hati hawezi kuiinua tu hati yake pale umiliki wake unapopingwa. Lazima aonyeshe namna ardhi ilivyotolewa mwanzoni, ikapita kwa nani, ikamfikia vipi, na kwamba kila hatua ilifuata sheria. Ni hukumu nzito, na mimi naiunga mkono. Tatizo ni tafsiri yake ya mitaani, ambayo tayari inawatoa watu mbuzi na ng'ombe ili walipe ada za kufungua kesi ambazo hazina pa kwenda.

Hukumu ya Dina ilihusu anachopaswa kuthibitisha mwenye hati ndani ya kesi ambayo bado iko hai. Haikugusa kanuni mbili za zamani zinazosema kesi hufikia mwisho. Ya kwanza ni ile mawakili wanayoiita res judikata: jambo lililokwisha kuamuliwa baina yenu haliamuliwi tena. Ya pili ni ukomo wa muda: dai lisilopelekwa mahakamani ndani ya miaka iliyowekwa hufa. Watu wengi wa kwetu huziona kanuni hizi kama mitego ya mawakili, njia ya kumzuia mtu asisikilizwe. Ninashikilia kinyume chake. Katika kesi za mashamba ya familia, ambazo ndizo zinazozijaza mahakama za magharibi mwa Kenya, anayeumia zaidi kesi isipokwisha ni yule asiye na pesa za kuishi nayo.

Kwanza tuone sheria inasemaje. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 21, kinaanza kwa kusema hakuna mahakama itakayosikiliza kesi au hoja ambayo imekwisha kusikilizwa na kuamuliwa kwa ukamilifu. Hakisemi mahakama inaweza kukataa ikipenda. Kinaiondolea mamlaka. Mwaka 2017, katika rufaa baina ya tume ya uchaguzi, IEBC, na Maina Kiai na wenzake, Mahakama ya Rufaa ilieleza kwamba lazima mambo matano yakutane. Suala liwe lile lile. Wahusika wawe wale wale, au watu wanaodai kupitia kwao. Wawe wanadai kwa haki ile ile. Suala liwe lilisikilizwa na kukamilika. Na mahakama iliyoamua iwe ilikuwa na uwezo wa kuamua. Likikosekana moja tu, kanuni haishiki. Ni vyema kuyakumbuka mambo haya matano, maana ndani yake ndimo zilimo kinga za mdai wa kweli.

Sehemu inayowashangaza wengi ni ufafanuzi wa nne wa kifungu hicho. Unasema jambo ambalo ungeweza na ulipaswa kulitaja katika kesi ya kwanza huhesabiwa kuwa lilikuwemo, hata kama hukulitaja. Huruhusiwi kuweka hoja akiba. Hapa ndipo kesi nyingi za pili huangukia, kwa sababu mtu aliyeshindwa kwa hoja ya urithi hurudi na hoja ya kununua, akishindwa hurudi na hoja ya kukaa muda mrefu, kila mara akiamini amekuja na kesi mpya kwa sababu karatasi zina kichwa kipya.

Ukomo wa muda nao una hesabu zake katika Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 22. Dai la kuvunjwa mkataba lina miaka 6. Dai la kuumizwa, kwa mfano katika ajali ya barabarani, lina miaka 3. Dai la kurudishiwa ardhi lina miaka 12. Ukiishtaki serikali kwa kosa la madhara una mwaka 1 tu, chini ya sheria tofauti, Sura ya 39. Wapo wanaodhani jaji anaweza kuongeza muda akiona huruma. Wakulima wa miwa wanapaswa kuijua kesi moja iliyohusu kampuni ya sukari ya Nzoia, ambayo Mahakama ya Rufaa iliiamua mwaka 2002. Mdai alikuwa amepewa ruhusa ya kufungua kesi ya mkataba nje ya muda. Mahakama ikasema ruhusa ya aina hiyo hutolewa tu kwa madai ya kuumia mwilini yanayotokana na uzembe, usumbufu au kukiukwa kwa wajibu. Kwa mkataba haipo kabisa. Miaka 6 ikipita bila kesi, deni la miwa limekwenda, hata kama stakabadhi za mzani zote ziko kabatini.

Lakini ardhi ndiyo yenye mambo mengi, kwa hiyo nitakaa hapo. Nichukue mfano wa familia moja. Ni wa kutunga, ingawa wakili yeyote wa Kakamega au Vihiga ataona sura anazozijua.

Baba alikufa akaacha shamba la ekari 7 na wana wawili. Maafisa wa upimaji na uamuzi wa mipaka walipofika, shamba likaandikishwa mwaka 1971 kwa jina la kaka mkubwa, kama ilivyokuwa kawaida. Mdogo wake aliendelea kuishi na kulima ekari 2 za upande wa mtoni. Sheria ya uamuzi wa ardhi ya 1968 ilimpa siku 60 za kupinga daftari lilipowekwa wazi, na siku 60 nyingine za kukata rufaa kwa Waziri. Hakufanya lolote. Alikuwa na kaka yake, na kaka alisema hakuna shida. Tangu hapo sheria iliyotawala hati yao ilikuwa Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa, Sura ya 300, ambayo kifungu chake cha 143 kilikataza uandikishaji wa kwanza kurekebishwa hata kwa sababu ya udanganyifu. Hiki kifungu ndicho kilichotengeneza kesi za mashamba za magharibi kuwa zilivyo. Kwa kuwa mlango wa udanganyifu ulifungwa, watu waliosahauliwa kwenye uandikishaji wa kwanza waligeukia hoja ya amana: kwamba kaka aliandikishwa kwa niaba ya familia, na jina lake kwenye hati halikumfanya mwenye shamba peke yake. Sura ya 300 ilifutwa mwaka 2012, lakini hoja ya amana ilibaki, na sasa imo ndani ya kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi.

Mwaka 1999 watoto wa kaka mkubwa walitaka kuuza sehemu ya shamba, ugomvi ukazuka, na mdogo akaenda kwenye baraza la migogoro ya ardhi lililoundwa chini ya sheria ya 1990. Wazee wakampa ekari zake 2. Hakimu akauidhinisha uamuzi wao ukawa amri ya mahakama. Familia ya mdogo ilichinja ng'ombe. Kaka mkubwa naye hakulala: ndani ya miezi 6 inayoruhusiwa aliomba Mahakama Kuu iubatilishe uamuzi huo, na mwaka 2002 akashinda, kwa sababu mabaraza yale hayakuwa na mamlaka ya kuamua nani mwenye ardhi iliyosajiliwa. Yalihusika na mipaka, matumizi ya ardhi ya pamoja na uvamizi.

Je, hapo mdogo alikuwa amemaliza nafasi yake? La. Hili ndilo jibu ambalo watu wengi hawalijui. Baraza halikuwa na uwezo wa kuamua, kwa hiyo lile sharti la tano halikutimia. Mahakama Kuu nayo haikuamua ni nani mwenye shamba, iliamua tu kwamba baraza lilivuka mipaka yake. Swali la umiliki lilikuwa bado bikira. Mdogo alikuwa na haki kamili ya kuanza upya, na mwaka 2004 alifungua kesi Mahakama Kuu akidai amana. Muda pia haukumzuia, ingawa ilikuwa imepita miaka 33 tangu uandikishaji. Kifungu cha 20 cha Sura ya 22 kinasema anayedai mali ya amana kutoka kwa mtu aliyeishika kwa niaba yake hafungwi na ukomo. Sheria inaelewa kwamba mtu hamshitaki ndugu aliyemwamini hadi siku uaminifu unapovunjika.

Kesi ilisikilizwa. Mdogo alileta mashahidi watatu. Mmoja alisema baba yao alinunua shamba, mwingine akasema lilikuwa la ukoo tangu zamani, wa tatu hakujua. Kaka mkubwa alileta barua ya mauzo ya miaka ya 1960 yenye jina lake mwenyewe kama mnunuzi, na katika utetezi wake akaomba pia amri ya kumwondoa mdogo. Mwaka 2011 jaji aliamua kwamba amana haikuthibitishwa, akatupa kesi na akatoa amri ya kumwondoa. Mdogo alikuwa na siku 14 za kuwasilisha notisi ya rufaa. Hakuwasilisha. Mwaka uliofuata alifariki, akazikwa pale pale upande wa mtoni.

Kesi ya shamba hilo ilimalizika siku hizo 14 zilipopita. Kilichofuata ni miaka mingi ya gharama. Mwaka 2016 mwanawe wa kwanza alikwenda kwa wakili mpya, akafungua kesi katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi akidai ekari zile 2 kwa sababu familia yake imezikalia zaidi ya miaka 12 bila ruhusa ya mwenye hati. Alikuwa na hoja iliyoonekana nzuri: baba yangu alidai amana, mimi nadai ukaaji, yeye alidai kwa jina lake, mimi kwa langu. Jaji aliuliza maswali mawili. Ukaaji huo ulianza kwa nani? Kwa baba. Basi unadai kupitia kwake, na wewe ndiye yeye mbele ya sheria. Na mwaka 2004, baba yako hakujua kwamba ameishi pale zaidi ya miaka 30? Alijua. Basi angeweza kudai amana na, kama hilo lingeshindwa, kudai ukaaji katika karatasi hiyo hiyo, kwani sheria inaruhusu madai mbadala. Ufafanuzi wa nne ukamfunga. Mwaka 2018 kesi ikatupwa pamoja na gharama.

Ilipokuja hukumu ya Dina, mwana huyo aliambiwa kwamba sasa kaka mkubwa, au watoto wake, watalazimika kueleza hati ya 1971 ilitoka wapi. Akaambiwa afungue safari hii ombi la kikatiba, chini ya kifungu cha 40 cha Katiba, ili aikwepe Sura ya 21. Ushauri huu una makosa mawili. Ardhi iliyobishaniwa katika kesi ya Dina, kule Nyali, ilikuwa ardhi ya umma iliyotengwa kuwa nafasi wazi kisha ikapewa mtu binafsi, na swali lilikuwa kama ugawaji ule ulikuwa halali. Hukumu iliyotolewa baina ya watu wengine juu ya ardhi nyingine haiwi ushahidi mpya katika kesi yenu iliyokwisha. Kosa la pili ni kudhani Katiba ni mlango wa nyuma. Mwaka 2021, katika kesi ya John Florence Maritime Services, Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba res judikata inashika hata maombi ya kikatiba. Iliacha upenyo mmoja, pale ambapo kukataa kusikiliza kungeleta dhuluma kubwa, na ikaonya kwamba upenyo huo utumike kwa nadra. Jaji marehemu David Majanja alikuwa ameshaandika mwaka 2012 kwamba mahakama lazima ziwe macho dhidi ya wanaobadilisha sura ya dai ili kupata nafuu ile ile waliyonyimwa.

Sasa nizipime hoja za wanaopinga, maana si zote nyepesi. Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa zaidi: kwamba kifungu cha 159 cha Katiba kinaagiza haki itendwe bila kujali mno ufundi wa kisheria, kwa hiyo kanuni hizi ni ufundi unaopaswa kuwekwa kando. Kifungu hicho kiliandikwa kwa ajili ya mtu aliyekosea fomu, aliyetaja kifungu kisicho sahihi, aliyechelewa siku mbili kuweka kiapo. Hakikuandikwa ili mtu aliyesikilizwa, akaleta mashahidi, akapoteza, asikilizwe tena. Na tukikitumia hivyo, lazima tukitumie pande zote mbili. Kesho mwana wa mdogo akishinda, watoto wa kaka mkubwa nao watasema hukumu yake ni ufundi. Kifungu hicho hicho cha 159 kinasema pia haki isicheleweshwe, na hakuna ucheleweshaji unaozidi kesi inayoanza upya kila kizazi. Halafu kuna anayesahauliwa na hoja hii: aliyeshinda. Yeye pia aliuza ng'ombe. Yeye pia alipanda matatu kwenda kortini asubuhi na kurudi usiku. Kumwambia hukumu yake ni ya muda tu ni kumnyima haki aliyokwisha kuilipia.

Hoja ya pili ina uzito. Inasema mahakama za zamani ziliamua vibaya, hasa kwa mabinti na kwa wasio na mawakili, na kufunga mlango ni kuidhinisha dhuluma ile. Nakubali kwamba dhuluma ilikuwepo. Lakini watu huipa kanuni makali ambayo haina. Binti ambaye ndugu zake wa kiume walishtakiana bila yeye kuwa mhusika, na ambaye anadai fungu lake mwenyewe katika mirathi na si kupitia kwa ndugu yake, hafungwi na hukumu yao. Si mhusika wala hadai kupitia kwa mhusika. Katika familia yetu ya mfano, dada wa yule mwana aliyeshindwa yuko katika hali tofauti: shamba analolidai ni lile baba yake alilolikosa, kwa hiyo amefungwa kama kaka yake. Watu wawili wanaweza kuwa na huzuni moja na sheria ikawaona tofauti, na ni wajibu wa wakili kueleza tofauti hiyo kabla ya kupokea ada.

Vivyo hivyo kwa udanganyifu. Kifungu cha 26 cha Sura ya 22 kinasema muda hauanzi kuhesabiwa hadi mdai augundue udanganyifu, au hadi siku ambayo angeweza kuugundua kwa bidii ya kawaida. Maneno haya ya mwisho ndiyo yanayoangusha kesi nyingi. Daftari la ardhi liko wazi kwa umma, na kufanya utafutaji rasmi ni jambo la fomu moja na ada ndogo. Ukisema uligundua mwaka 2022 kwamba shamba lilihamishwa mwaka 1995, huku jirani akilima na kujenga machoni pako tangu wakati huo, jaji atakuuliza ni nini kilikuzuia kwenda kuangalia. Ukiwa ulikuwa unalipa mtu akuletee nakala ya daftari naye akakuletea ya kughushi, hilo ni jibu. Ukiwa hukujishughulisha, si jibu. Mahakama ya Rufaa ilisema zamani, mwaka 1982, katika kesi iliyohusu kampuni ya maziwa ya KCC, kwamba sheria hii inamtarajia mdai afanye bidii ya kawaida kwa faida yake mwenyewe, na kwamba imewekwa kumkinga mdaiwa dhidi ya ucheleweshaji usio na sababu.

Na kwa nini mdaiwa akingwe, hata kama labda ana makosa? Kwa sababu kesi ya zamani haipimwi kwa mizani ile ile. Katika kesi ya amana ya kimila, ushahidi ni vinywa vya wazee: nani alikata mpaka, nani alikuwepo siku ya upimaji, kwa nini jina hili likaandikwa na lile likaachwa. Mahakama ya Juu mwaka 2018, katika kesi iliyotoka Meru, iliweka vigezo vya kuthibitisha amana hizo, kikiwemo kwamba ardhi ilikuwa ya familia au ukoo kabla ya kuandikishwa, na kwamba mdai ana uhusiano wa karibu na kundi hilo kiasi kwamba dai lake si la kubahatisha. Sasa fikiria kuthibitisha hayo leo, kwa uandikishaji wa 1971. Aliyekuwa na miaka 30 siku ile sasa amepita 80. Mbaya zaidi ni kwamba walio hai husimulia walichosikia kesi ilipokuwa ikizungumzwa nyumbani kwa miaka 40, si walichokiona. Nimewahi kumsikiliza shahidi wa namna hiyo akihojiwa Kisumu, mzee mwenye heshima zake, akisema kweli tupu kwa kadiri anavyoijua, na kila sentensi yake ikaanza na "tulikuwa tunaambiwa". Hukumu iliyojengwa juu ya ushahidi wa 2004, pamoja na kasoro zake, ilikuwa karibu na ukweli kuliko itakavyokuwa yoyote ya sasa.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye bili ya wakili. Shamba lenye kesi huwekewa kizuizi kwenye daftari. Benki hailipokei kama dhamana. Bodi ya ardhi haitoi kibali cha kuligawa. Watoto wa pande zote mbili hawajengi nyumba ya kudumu, kwa hofu ya kubomolewa. Na kwetu magharibi kuna lile la maziko: maiti hukaa mochari wiki kadhaa pande mbili zikipigania amri ya mahakama, kwa sababu kaburi jipya kwenye ekari zinazobishaniwa litahesabiwa kama dai. Familia tajiri inaweza kuyastahimili haya. Ina shamba jingine Trans Nzoia, ina plota mjini. Familia ambayo ekari 2 ndiyo mali yake yote haiwezi, ndiyo maana nasema kesi isiyo na mwisho ni silaha ya mwenye nacho. Mwenye nacho hahitaji kushinda. Anachohitaji ni kesi isiishe.

Haya yote yana matokeo kwa namna kesi ya kwanza inavyoandaliwa. Kama mlango wa pili umefungwa, basi karatasi ya kwanza ndiyo yenye uzito wote. Mdai wa shamba la familia anapaswa kuweka ndani yake kila alicho nacho: amana, na kama hiyo haitashika, ukaaji wa miaka 12, na kama kulikuwa na malipo, mkataba. Anapaswa kuwataja wote wenye fungu, mabinti wakiwemo. Na anaposhindwa, swali la kuuliza jioni ile ile ni la rufaa, si la kesi nyingine. Siku 14 ni chache kweli, lakini notisi ya rufaa ni ukurasa mmoja, na aliyechelewa kidogo kwa sababu ya maana anaweza kuomba aongezewe muda. Mawakili wanaofungua kesi ya tatu na ya nne juu ya shamba lile lile wanajua haya. Mahakama ingewatoza wao binafsi baadhi ya gharama, nadhani biashara hii ingepungua haraka.

Wanaoshinda nao wana jambo la kusikia. Sheria inayomfunga mshindwa inamwekea saa mshindi pia. Kifungu cha 4(4) cha Sura ya 22 kinasema hakuna kesi itakayofunguliwa juu ya hukumu baada ya miaka 12 tangu kutolewa, na Mahakama ya Rufaa ilithibitisha mwaka 2007, katika kesi ya shamba ambayo mshindi wake alikaa zaidi ya miaka 12 bila kuomba amri ya kumwondoa mtu, kwamba ukomo huo unashika utekelezaji pia. Turudi kwa ekari zetu za mtoni. Amri ya kumwondoa mdogo ilitolewa 2011. Hakuna mahakama iliyoisimamisha. Kaka mkubwa hakuitekeleza, labda kwa aibu ya kumtoa ndugu yake, na baada ya mazishi watoto wake hawakutaka kubomoa nyumba iliyo kando ya kaburi. Ushindi wa 2018 haukuifufua amri hiyo, kwa sababu ulisema tu kwamba kesi mpya haisikilizwi. Kufikia 2023, mwaka ule ule watu walipokuwa wakikimbilia mahakamani na hukumu ya Dina mkononi, miaka 12 ilitimia, na amri ile ikawa karatasi. Familia ya mdogo bado iko pale. Ukaaji wake baada ya 2011 ni jambo ambalo jaji wa 2011 hakuweza kuliamua, kwa kuwa lilikuwa halijatokea, na wakili makini ataligusia hilo. Watoto wa kaka mkubwa wakitaka zile ekari 2, sasa wao ndio watakaolazimika kumweleza jaji walikuwa wapi miaka 12 yote.